Sukari imepanda na hajala: acheni kumshuku mgonjwa

Mgonjwa wa kisukari amelala bila kula, alfajiri anapimwa kabla ya upasuaji, mashine inaonyesha sukari ya milimoli 14 kwa lita, na neno la kwanza analoambiwa ni: “Mama, sema ukweli, usiku umekula nini?” Nimelisikia wodini mara nyingi, na wiki hii nimelisikia tena, limesemwa mbele ya wagonjwa wengine na mbele ya binti yake. Mama anaapa, binti anaapa, muuguzi anaandika kwenye faili “mgonjwa amekula”, na jina linakatwa kwenye orodha ya siku. Mimi ni daktari wa usingizi. Orodha hiyo ni yangu pia, na nasema wazi kwamba namba ile haithibitishi kuwa mtu amekula.

Wanaoamini hivyo wanadhani sukari ya damu hutoka kwenye sahani tu. Usiku sukari hutoka kwenye ini. Mtu mzima wa kilo 70 asiyekula, ini lake humwaga kwenye damu takriban gramu 8 za glukosi kila saa, yaani kama vijiko viwili vya chai. Linatoa kwanza akiba yake, kisha linatengeneza nyingine kutokana na vitu kama protini na mafuta. Linafanya hivyo kwa sababu ubongo haulali njaa. Breki ya kazi hiyo ni insulini. Mwenye kisukari ama hana insulini ya kutosha, ama ini lake haliitii vizuri, kwa hiyo ini linaendelea kumwaga hata damu ikiwa imeshajaa. Karibu na alfajiri mwili huongeza kotisoli na homoni ya ukuaji, na zote mbili zinapandisha sukari. Juu ya hapo weka hofu ya kisu, usingizi wa mang’amung’amu na maumivu. Mtu huyo anaweza kulala na 9 na kuamka na 14 bila kuonja hata maji.

Na kinyume chake ni kweli vilevile. Mwenye kisukari kilichodhibitiwa vizuri anaweza kula chapati saa nane usiku na kufika saa kumi na mbili akiwa na 7. Namba hiyo haimtii hatiani na wala haimsafishi. Ukitaka kujua kama amekula, muulize kwa heshima, faraghani, umweleze kwa nini unauliza: chakula tumboni kinaweza kuingia mapafuni akiwa usingizini. Kinachonisumbua zaidi mimi ni tumbo lililozembea. Kisukari cha miaka mingi huharibu neva za tumbo, na sukari ikiwa juu tumbo huchelewa zaidi kujimwaga. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuwa mkweli kabisa na bado chakula cha jana jioni kikawa tumboni. Huyo namuuliza kama hushiba haraka au hutapika chakula cha zamani.

Sasa nieleze asubuhi moja ilivyokwenda. Mama wa miaka 47, kilo 70, anaondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe unaomtoa damu. Anatumia metfomini na insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Saa kumi na mbili sukari ni 14.8.

Hatua ya kwanza ni vidole. Aoshe mikono kwa maji na sabuni, akaushe vizuri, kisha apimwe tena. Mabaki ya tunda au juisi kwenye ngozi yanatosha kupandisha namba vibaya, na spiriti ambayo haijakauka inaichafua damu. Usikamue kidole kwa nguvu. Na usipime kwenye mkono wenye dripu ya dekstrozi, maana hapo utakuwa unaipima dripu. Kipimo cha pili kilikuwa 14.1, kwa hiyo vidole havikuwa na kosa.

Hatua ya pili watu huiruka: damu yenyewe ikoje? Mama huyu alikuwa na upungufu wa damu kwa sababu ya kutokwa na damu miezi mingi. Kwenye mashine nyingi za wodini, damu nyepesi husomeka juu kuliko ukweli. Kwenye 14 hilo halibadilishi uamuzi sana. Lingemuumiza mgonjwa mashine ingeonyesha 4.8 huku ukweli ukiwa 3.9, na sote tukafurahi. Hata mashine nzuri, kiwango cha kimataifa kinairuhusu kukosea hadi asilimia 15, kwa hiyo 12 ya kweli inaweza kusomeka 10.2 au 13.8. Ukiwa na shaka, chukua damu ya mshipa upeleke maabara, lakini iwe kwenye chupa ya kizibo cha kijivu, yenye floraidi. Kwenye chupa ya kawaida chembe za damu zinaendelea kula sukari njiani, na jibu linarudi chini kuliko ilivyokuwa.

Hatua ya tatu ndiyo iliyofungua fumbo. Nilimuuliza: “Mama, sindano ya jana jioni ulichoma?” Akajibu, “Hapana, daktari. Nimeambiwa nisile, nikaona nikichoma itashuka nife.” Wazo hilo lina mantiki, na hakuna aliyemweleza vinginevyo. Aliambiwa asile kuanzia saa sita usiku, lakini chakula cha saa moja jioni alikula, na sindano ya chakula hicho hakuichoma. Kwa hiyo ini lilikesha bila breki. Swali la mwanzo wodini lilipaswa kuwa hili: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi.

Hatua ya nne ni kupima mkojo kutafuta ketoni, yaani asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta. Alama moja ndogo baada ya usiku wa kutokula ni kawaida, isikutishe. Alama nyingi, pamoja na kutapika, kupumua kwa kasi au maumivu ya tumbo, upasuaji wa kupangwa unasimama hapo hapo na tunaanza kutibu asidi ya kisukari. Mama hakuwa na ketoni.

Nikampa yuniti 4 za insulini ya muda mfupi chini ya ngozi, saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na nusu alikuwa 12.9, na muuguzi akaniuliza kama tuongeze. Nilikataa. Insulini hiyo inaanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi na kilele chake ni kati ya saa mbili na nne tangu uichome. Ukiongeza sasa, dozi mbili zitakutana kileleni akiwa mezani, amelala. Saa mbili na nusu: 10.7, tukaingia. Saa tatu na nusu: 8.3. Saa nne na nusu: 6.4. Namba ya 6.4 ni nzuri ukiiona peke yake, lakini ilikuwa inashuka mbili kila saa, na saa inayofuata ingekuwa karibu na 4. Nikafungua dekstrozi ya asilimia 5, mililita 100 kwa saa. Kipimo kilichofuata kilikuwa 6.9.

Hapa ndipo ninapokosa subira na wanaosema “asubuhi tumeshampima”. Mtu aliye macho sukari yake ikishuka mno hutoka jasho, hutetemeka, husema hovyo, ndugu wanaona. Aliyelala usingizi wangu hawezi kukueleza chochote, na mapigo ya moyo yakipanda nitadhani ni maumivu. Kinachobaki ni tone la damu kila saa.

Wa pili siku hiyo alikuwa baba mwenye 6.1 alfajiri, na kila mtu alimsifu. Aliwekwa wa sita kwenye orodha. Alikuwa ameambiwa “meza dawa zako kama kawaida na maji kidogo”, akameza zote, glibenklamidi ikiwemo. Dawa hiyo inalilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hakuna chakula, na figo zikiwa dhaifu inakaa mwilini muda mrefu. Asubuhi ya upasuaji haimezwi. Saa sita mchana tulimkuta na 3.3, analowa jasho na kuwajibu watoto wake kwa ukali. Tulichukua mililita 40 za dekstrozi ya asilimia 50, tukachanganya na 60 za maji ya sindano, yakawa mililita 100 za asilimia 20, yakapita polepole kwenye mshipa mzuri, maana ile nzito yenyewe inaunguza mishipa. Baada ya dakika 15 tukapima tena: 7.2. Na hatukumwacha, kwa sababu glibenklamidi inaweza kumrudisha chini jioni. Mgonjwa wa kisukari awe wa kwanza kwenye orodha, na kama haiwezekani, apimwe kila saa anaposubiri.

Kuna kundi la tatu, linaloongezeka: wanaotumia vidonge vya kisukari vya empagliflozini au dapagliflozini. Hizo huachwa siku 3 kabla, kwa sababu mwenye kuzitumia akikaa bila kula anaweza kuwa na asidi ya ketoni huku mashine ikionyesha 9. Kwa huyo, pima ketoni hata kama sukari inapendeza, na ketoni za damu ni bora kuliko za mkojo.

Vijana wananiuliza: namba gani inatosha kuahirisha? Mwongozo wa Uingereza unapendelea 6 hadi 10 na unavumilia hadi 12. Wamarekani wanasema 5.6 hadi 10. Ukisoma kwa makini utaona hakuna namba moja ambayo ukiivuka vidonda vinaoza na usipoivuka vinapona. Sisi tunaoandika 12 ukutani tumekubaliana tu, hatujaithibitisha. Tena yule aliyeishi na 15 kwa miezi, ukimshusha hadi 6 ndani ya saa mbili anaweza kupata dalili za sukari kushuka mno ingawa namba haijafika 4. Huyo namshusha taratibu na naridhika na 11.

Kwa upasuaji unaoweza kusubiri, nikimkuta na 16, bila ketoni, hana kiu kali wala upungufu wa maji, nampa insulini, nampima kwa saa mbili, na akielekea chini naendelea. Asipoelekea, tunapanga siku nyingine na anarudi nyumbani na maelekezo ya sindano ya jioni yaliyoandikwa kwa Kiswahili, pamoja na saa. Mashine ikiandika `HI`, sukari imepita uwezo wake wa kusoma, nyingi ni zaidi ya 33. Hapo simrudishi nyumbani kusubiri tarehe. Anabaki wodini na matibabu ya dharura yanaanza palepale kitandani.