Kwa nini "ndani ya saa 24" haitoshi kuwa tafsiri ya Katiba

"Katiba inasema nina haki. Kwa nini mtafsiri asiniandikie hivyo tu kwa Kiswahili chepesi, aziache hizo 'isipokuwa' na 'lakini' zinazotuchanganya?"

Kwa sababu katika sheria mpaka wa haki ni sehemu ya haki yenyewe. Mtafsiri akiuondoa kwa nia njema, amempa msomaji haki ambayo hakimu hataitambua. Akiupanua kwa kuteleza neno moja, amempa askari ruhusa ambayo Katiba haikumpa.

Nitaichukua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, maana humo kosa la namna hii lina gharama inayoonekana. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini Kifungu cha 259 kinasema kwamba matoleo ya lugha tofauti yakigongana, la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Basi aliyeisoma haki yake katika Kiswahili kilichokosewa, akaitegemea, akaenda nayo kortini, ndiye atakayeumia. Mtafsiri hatakuwepo siku hiyo. Mifano ya tafsiri nitakayoitoa ni yangu mwenyewe, si nukuu za toleo rasmi.

Tuanze na Kifungu cha 49, kinachozungumzia mtu aliyekamatwa. Karibu kila mtu amewahi kusikia kwamba mtuhumiwa "lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24". Ni Kiswahili safi na kinakaa kichwani. Shida ni kwamba kimekata pande zote mbili za kifungu.

Upande wa kwanza ni ule unaomfaa aliyekamatwa. Kifungu hakianzi na saa 24. Kinaanza kwa kusema afikishwe mahakamani mapema kadiri inavyowezekana kwa busara, kisha ndipo kinapoongeza kwamba isipite saa 24. Saa 24 ni dari. Mtu aliyekamatwa saa mbili asubuhi jirani kabisa na mahakama iliyo wazi hapaswi kulala seli kwa sababu tu saa 24 hazijaisha. Tafsiri fupi inaigeuza dari kuwa ratiba, na polisi wanaonekana wamepewa siku nzima ya kukaa na mtu.

Upande wa pili unawafaa polisi, nao pia si haki kuuficha. Kifungu kinaendelea: endapo saa hizo 24 zitamalizikia nje ya saa za kawaida za mahakama, au katika siku ambayo si siku ya kawaida ya mahakama, kikomo kinasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Chukua watu watatu. Wa kwanza amekamatwa Jumanne saa nne asubuhi. Saa 24 zake zinaisha Jumatano saa nne asubuhi, mahakama ikiwa wazi, kwa hiyo hapo ndipo mwisho. Wa pili amekamatwa Jumanne saa tano usiku. Saa zake zinaisha Jumatano saa tano usiku, wakati hakuna hakimu, kwa hiyo kikomo kinakwenda hadi mwisho wa kazi za mahakama Alhamisi. Wa tatu amekamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa zake zinaisha Jumamosi jioni, na kama Jumatatu si sikukuu, kikomo chake ni mwisho wa Jumatatu. Mke wa huyu wa tatu aliyesoma "ndani ya saa 24" atakwenda kituoni Jumamosi usiku akiamini mumewe anashikiliwa kinyume cha Katiba. Kwa hesabu hiyo ya saa peke yake, hashikiliwi hivyo.

Sasa tazama kinachotokea tunapojaribu kuuandika mpaka huo wote. Mtafsiri wa kwanza anaandika "mwisho wa siku inayofuata", akiona neno mahakama limekwisha kutajwa na halina haja ya kurudiwa. Jumatatu ya yule wa Ijumaa imegeuka Jumapili. Wa pili anakumbuka kulirudisha: "mwisho wa siku ya mahakama inayofuata", kama nilivyoandika mimi hapo juu. Inasomeka vizuri, lakini ina mtego. "Siku" na "mahakama" zote ni za ngeli moja, ya I-/ZI-. Hiyo "inayofuata" inaweza kuishika siku, na inaweza vilevile kuishika mahakama, kana kwamba kuna mahakama nyingine ya pili itakayofuata. Wengi wataelewa kwa mazoea, lakini wakili mwenye kutafuta upenyo hasomi kwa mazoea. Mimi ningeandika "mwisho wa siku ya kwanza ya kazi ya mahakama baada ya hapo". Ni ndefu zaidi, lakini haina mlango wa pili.

Kuna pia kishawishi cha kuandika "siku moja" mahali pa saa 24. Kwa hesabu ya Waswahili wa pwani siku huanza magharibi, ndiyo maana mpaka leo tunalazimika kusema "Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa" ili tusipotezane. Saa 24 huhesabiwa tangu dakika ya kukamatwa, magharibi ije isije. Zibaki saa.

Upatanisho wa kisarufi, ambao umetutega kwenye "inayofuata", ndio pia unaotuokoa kwingine. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa sharti la amani na kutobeba silaha. Katika andiko la asili sharti hilo limewekwa mbele, kabla ya vitendo vyote, kwa hiyo linavifunika vyote. Ukiliweka mwishoni, "…na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha", mtu anaweza kusoma kwamba ni kuwasilisha malalamiko tu ndiko kunakodai amani. Kiswahili kina dawa nzuri: "Kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, ya kukusanyika, ya kuandamana…" Ile "ya" inairukia "haki" bila kupotea njia, na sharti linakaa palepale lilipowekwa. Wapo watakaosema sentensi hiyo inakwaruza sikio. Ikwaruze, alimradi isidanganye.

Katika kifungu hichohicho kuna kitendo kingine ambacho sijakitaja, kile cha watu kusimama mbele ya lango la kampuni au ofisi wakiwa na mabango kupinga jambo. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "kugoma". Lakini kugoma, yaani kuacha kazi, ni haki nyingine iliyo katika Kifungu cha 41, kwenye mahusiano ya kazi, na ni ya mfanyakazi. Kusimama langoni na bango ni haki ya kila mtu. Kwa neno moja, asiye na mwajiri amenyang'anywa haki yake.

Kifungu kizito kuliko vyote ni cha 24, kile kinachoeleza namna haki zinavyoweza kuwekewa mipaka. Kinaweka kufuli mbili. Ya kwanza: haki haiwekewi mpaka isipokuwa kwa sheria. Ya pili: hata hapo, kwa kadiri tu ambayo mpaka huo ni wa busara na unaweza kuhalalishwa katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia, inayojengwa juu ya utu, usawa na uhuru. Kosa la kusikitisha zaidi ninalolijua ni kuishia kwenye "isipokuwa kwa mujibu wa sheria" na kuweka nukta. Kufuli ya pili ikianguka, Bunge linaweza kupitisha sheria yoyote na haki ikaisha hapo. Na lile "na" kati ya busara na kuhalalishwa lisigeuke "au", kwa sababu vyote viwili vinatakiwa kwa pamoja.

Kifungu hicho kinazungumzia haki au uhuru wa kimsingi, na hapo sarufi inatubana tena. Ukiandika "haki au uhuru wa kimsingi hautawekewa mipaka", kitenzi kimeufuata uhuru, na haki imebaki nje ya ulinzi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, inakutana na jambo hilihili katika Ibara ya 30, ambako haki na uhuru vinakusanywa kwa kiambishi cha VI-: "havitatumiwa". Ni suluhisho la mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Pale penye "au" mimi ningerudia kitenzi: "haki haitawekewa mipaka, wala uhuru wa kimsingi hautawekewa mipaka, isipokuwa kwa sheria". Wala nisingeandika "haki za kimsingi au uhuru", ingawa masikio yetu yamelizoea, kwa sababu neno "kimsingi" limehama na sasa linachagua haki zipi zilindwe.

Mahali pengine mpaka umebebwa na sifa moja tu. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana kwa masharti ya busara, isipokuwa kuwe na sababu za kutomwachilia. Sababu za namna gani? Neno la asili lina nguvu ya kulazimisha, sababu isiyomwachia hakimu njia nyingine. "Sababu za msingi" haifiki hapo, na "sababu za kutosha" iko mbali zaidi. Mwendesha mashtaka mwenye sababu ya kutosha ni rahisi kumpata. Ningeandika "sababu nzito zinazolazimu asiachiliwe".

Utajuaje kama tafsiri imeshikilia? Kuisoma sambamba na Kiingereza hakutoshi, kwa sababu jicho lililokwisha kuona Kiingereza hujaza lenyewe kilichokosekana. Mpe Kiswahili peke yake mtu ambaye hajaliona andiko la asili, kisha mletee wale watu watatu: wa Jumanne asubuhi, wa Jumanne usiku, wa Ijumaa jioni. Mwulize kila mmoja lazima awe mbele ya hakimu kufikia lini. Usimsaidie. Akijibu Jumatano saa nne, Alhamisi mwisho wa kazi, Jumatatu mwisho wa kazi, kifungu kimevuka salama. Akisema wa Ijumaa afikishwe Jumapili, rudi kwenye "siku inayofuata".