Nani anamwita nani: kumtambua mhusika wa manga pale sura inapodanganya

Mtu anayeniletea ukurasa uliochanika wa katuni na kuuliza "huyu ni nani?" huwa ameshaikodolea macho sura mpaka amechoka. Ameshika nywele, miwani, nguo. Kwenye manga, yaani katuni za Kijapani, sura ndiyo inayovuta jicho na ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote, kwa sababu mchoraji mmoja huwa na sura chache za vijana anazozirudia, anabadilisha nywele tu maisha yanaendelea. Mimi nachora katuni na kuandika maneno ya kwenye viputo hapa Mtwara mjini, na nina rafu ya manga za mitumba ambazo vijana huja kuazima, kwa hiyo swali hili nalipata sana. Jibu langu huwa moja: acha sura kwanza, niambie nani anamwita nani, kwa jina gani, na mbele ya nani.

Nichukue picha moja niliyotumiwa na kijana wa Lindi kwa WhatsApp. Ukurasa wa Kiingereza, nusu ya chini imechanika, jina la kitabu halipo. Yamebaki maboksi manne. Kuna kijana mwenye kofia ya kapelo ameinama karibu na mtoto wa miwani aliyevaa tai ya kipepeo. Nyuma yao kuna msichana mwenye nywele ndefu. Ukurasa mzima una jina moja tu: Kudo.

"Kaka, nimeandika Kudo mtandaoni naletewa mwanafunzi wa sekondari wa miaka 17. Huyu wa kwangu ni wa darasa la kwanza. Ni mdogo wake? Na mbona dada yake anamwita kwa kumshangaa?"

Maswali yote mawili yana kosa, na la pili ndilo jepesi kulimaliza. Yeye alisoma maboksi kutoka kushoto kwenda kulia kama tunavyosoma gazeti. Manga ya Kijapani inaanzia juu kulia, na matoleo mengi ya Kiingereza ya siku hizi yameacha mpangilio huohuo. Zamani wachapishaji walikuwa wanageuza ukurasa mzima kama kwenye kioo ili usomeke kwa mazoea ya Kizungu, na ukikutana na toleo la namna hiyo utashangaa kuona kila mtu anatumia mkono wa kushoto. Kama hujui ukurasa wako ni wa aina gani, tafuta swali na jibu lake. Ukiona jibu linatangulia swali, umeanzia upande usio wake.

Tukiusoma ukurasa wa Lindi kutoka kulia, mambo yanajipanga. Boksi la kwanza, kijana wa kofia anasema kitu na ndani yake kuna "Kudo". Boksi la pili, msichana amegeuka, naye anatamka "Kudo?" kwenye kiputo chenye kingo za miba. Boksi la tatu, kijana wa kofia anatoka jasho na kuchekacheka, anajieleza. Boksi la nne, mtoto wa miwani macho nusu, na kando yake maneno yasiyo na mkia.

Hapo msichana hamwiti mtoto. Anarudia jina alilolisikia na linamshangaza. Kwa hiyo jina Kudo limetoka kwa mtu mmoja tu, na aliyelitoa analijutia papo hapo.

Mkia wa kiputo una kazi hiyo: unaelekea kwenye mdomo wa msemaji. Ukielekea nje ya boksi, msemaji yupo lakini hajachorwa, mtafute kwenye boksi la kabla. Maneno yasiyo na mkia kabisa, yaliyokaa karibu na kichwa cha mtu, kwa kawaida ni mawazo yake. Msichana hayasikii hayo. Usiyachanganye na mazungumzo, maana mhusika anayeficha jambo husema moja kwa mdomo na jingine moyoni, na moyoni ndiko anakojitaja.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Tunamtafuta mtoto anayeitwa kwa jina la kijana wa sekondari, na kuitwa hivyo mbele ya msichana ni hatari. Kwa msomaji wa manga za upelelezi ukurasa umeshajibu. Ni Conan Edogawa, mhusika mkuu wa Detective Conan, manga ya Gosho Aoyama iliyoanza mwaka 1994 katika jarida la Weekly Shonen Sunday. Na mtandao haukumdanganya yule kijana: Conan ndiye Shinichi Kudo mwenyewe. Alinyweshwa sumu na watu wenye mavazi meusi, badala ya kufa akarudi kuwa mtoto, akajiita Conan kwa kuunganisha majina ya waandishi wawili wa hadithi za upelelezi, Arthur Conan Doyle na Edogawa Rampo. Msichana wa nyuma ni Ran Mouri, anayeishi naye nyumba moja bila kujua kwamba mtoto huyo ni Shinichi anayemsubiri. Wa kofia ni Heiji Hattori, mpelelezi kijana wa Osaka, anayeingia kwenye hadithi katika kitabu cha 10. Yeye aliigundua siri kwa akili yake, na tangu hapo ulimi humteleza.

Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja, "ni Conan, kaka". Lakini namna jina linavyogawanywa katika manga hii inafaa kukaa nayo, kwa sababu inakupa anayeitwa na anayeita kwa mkupuo. Wasiojua siri humwita Conan: Ran, baba yake Kogoro, na wale watoto watatu wa darasani, Ayumi, Genta na Mitsuhiko. Profesa Agasa, mzee anayemtengenezea vifaa, anajua, na wakiwa peke yao humwita Shinichi. Heiji humwita Kudo. Ai Haibara, msichana mdogo aliyekunywa sumu ileile, humwita Edogawa mbele za watu na Kudo wakiwa faragha. Kwa hiyo ukipata boksi lenye kisigino tu cha mtoto na kiputo kinachosema "Edogawa", huna haja ya uso. Anayesema yaelekea ni Haibara, na kuna mtu mwingine anayesikiliza.

Kwa Kijapani ushahidi ni mwingi zaidi. Conan anapojifanya mtoto humwita msichana "dada Ran" na kujitaja kwa neno laini la kivulana, "boku". Akiwa anawaza, au yuko na wanaojua siri, anasema "Ran" kavu na kujiita "ore", kama kijana anavyojitaja kwa wenzake. Heiji naye anaongea lahaja ya Kansai, eneo la Osaka, na Mjapani humtambua kabla hajafika kwenye picha, kama sisi tunavyomtambua Mzanzibari kwa sentensi moja ya simu. Toleo la Kiingereza linapoteza sehemu kubwa ya hayo. Mwenye ukurasa wa Kiingereza ategemee zaidi nani yuko na nani.

Tena toleo la Kiingereza, linaloitwa Case Closed, limebadilisha baadhi ya majina. Shinichi ni Jimmy, Ran ni Rachel Moore, Kogoro ni Richard Moore, Heiji ni Harley Hartwell. Kudo na Conan Edogawa yamebaki. Nimeshawahi kuwaamua vijana wawili waliobishana mchana kutwa kuhusu Harley na Heiji, kila mmoja na simu yake mkononi, kila mmoja ana picha ya kuthibitisha. Majina yanabadilika mpakani, uhusiano haubadiliki: kijana wa Osaka mwenye kofia, mshindani aliyegeuka rafiki, anayeropoka jina. Ukitafuta mtandaoni, andika uhusiano huo pamoja na jina ulilonalo, usiandike jina peke yake.

Kijana wa Lindi alinitumia na boksi jingine la kitabu hichohicho: mtu mweusi tii kama kivuli, macho na meno tu ndiyo yanaonekana. Alidhani ni mmoja wa wale waliompa Shinichi sumu. Hapana. Katika manga hii mhalifu ambaye bado hajafichuliwa huchorwa hivyo, kesi hii na kesi ijayo, awe mwanamke au mwanamume, mnene au mwembamba. Ni nafasi iliyoachwa wazi. Wale wa sumu wana sura zao: Gin ana nywele ndefu za rangi ya dhahabu, Vodka ana miwani ya jua na kofia. Cheusi chao ni nguo. Kumpa kivuli jina kutokana na boksi hilo pekee haiwezekani, lazima usome mpaka kesi iishe.

Kabla ya kuamini kiputo chochote kilichopita kwenye magrupu, kikague. Watu hufuta maneno wakaandika ya Simba na Yanga, au mapenzi, na mwingine anaandika utani unaofanana kabisa na hadithi. Angalia kama herufi zimekaa katikati ya kiputo, kama aina ya mwandiko ni moja ukurasa mzima, na kama weupe wa ndani unalingana na weupe wa karatasi. Kiputo kilichochezewa kitupe, baki na picha: nani yuko boksini, nani amemgeukia nani.

Kuna mahali njia hii yote inakwama, na ni ndani ya manga hiyohiyo. Kaito Kid ni mwizi wa kujigeuza, mhusika ambaye Aoyama alimwanzisha mwaka 1987 katika manga nyingine, Magic Kaito. Bila kujigeuza anafanana na Shinichi, na rafiki yake Aoko anafanana na Ran. Akijigeuza anachukua sura, sauti na nguo za mtu mwingine, wenzake wa mtu huyo wanamwita kwa jina la mtu huyo, na viputo vyote vinamsaidia kudanganya. Ukurasa mmoja hapo hautoshi. Kwa picha ya tatu aliyonitumia kijana wa Lindi, mlinzi anayetabasamu mbele ya kito cha makumbusho huku Conan akimwangalia kwa jicho la pembeni, nilimwandikia kwamba namshuku Kid kwa sababu ya jicho hilo la Conan tu, na kwamba anitumie kurasa mbili zinazofuata kama hazijachanika.