Kabla ya kuandika H0, sema utahesabu nini

Mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliniletea andiko lake la utafiti. Swali lake lilikuwa: "Ujumbe mfupi wa simu una mchango gani katika mahudhurio ya kliniki ya wajawazito?" Chini yake aliandika nadharia tete mbili. H0: ujumbe hauna mchango katika mahudhurio. H1: ujumbe una mchango katika mahudhurio.

Nilimuuliza swali moja tu: ni matokeo gani yatakayokufanya uikatae H0? Alikaa kimya. "Mchango" hauhesabiki, na "mahudhurio" yanaweza kuwa idadi ya mara mama alizokuja, wiki aliyoanza kliniki, au kutimiza kiwango kilichowekwa. Kila maana inadai jaribio lake la takwimu.

Tukaanza na mahudhurio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza mama aonane na mtoa huduma mara nane au zaidi. Ule uliotangulia ulisema angalau mara nne. Alichagua nne, kwa kuwa akina mama wa eneo lake wanaofika mara nane ni wachache mno. Basi kila mama atakuwa "ametimiza" au "hajatimiza", na tutakacholinganisha ni asilimia za waliotimiza katika makundi mawili: kundi A linalopata ujumbe siku mbili kabla ya tarehe ya kurudi, na kundi B linaloandikiwa tarehe kwenye kadi tu, kama kawaida. Nani aingie kundi gani, kura iamue.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Ukihesabu leo, mama mwenye mimba ya miezi mitano ataonekana hajatimiza, wakati bado ana muda. Hesabu lazima ifanyike baada ya kujifungua. Vilevile, aliyeanza kliniki mwezi wa nane hana nafasi ya kufika mara nne hata akitumiwa ujumbe kila siku. Kwa hiyo tuliwaweka katika utafiti wale tu walioanza kabla ya wiki ya 16. Mipaka hiyo ni sehemu ya nadharia tete yenyewe, maana ndiyo inayosema tunawazungumzia akina mama gani.

Sasa nadharia tete zikaandikika:

```
H0: pA = pB
H1: pA ≠ pB
```

Hapo pA ni asilimia ya watakaotimiza mara nne wakipata ujumbe, na pB ni ya wasioupata, kwa wajawazito wote wa aina hiyo katika eneo la utafiti. Hao wote ndio tunaowatolea dai. Asilimia za sampuli tutaziona kwa macho, hazihitaji nadharia tete. Tunazitumia kupima dai. Alama ya usawa hukaa kwenye H0 kwa sababu jaribio, hapa kai-skwea, huanza kwa kuuliza: kama makundi haya kweli yangekuwa sawa, tofauti kubwa kama hii au zaidi ingetokea kwa bahati mara ngapi?

Mwanafunzi alitaka H1 iwe pA > pB, kwa kuwa alitarajia ujumbe usaidie. Nilimshauri aache ≠. Simu nyingine hutumiwa na nyumba nzima, na mama ambaye hajamwambia mtu kuwa ni mjamzito anaweza kuikwepa kliniki baada ya ujumbe kusomwa na mwingine. Madhara hayo yakiwepo, H1 ya upande mmoja haina pa kuyaweka. Uamuzi huo hufanywa kwenye andiko, kabla data haijakusanywa.

Lililobaki ni ukubwa wa sampuli. Tuseme bila ujumbe wanatimiza asilimia 50, na tunataka kuweza kugundua ongezeko hadi 65. Kwa kiwango cha kuikataa H0 cha 0.05 na uwezo wa kugundua wa asilimia 80, tunahitaji akina mama wapatao 170 kila kundi, na wa ziada kwa watakaohama. Yeye alikuwa amepanga 40. Kwa 40, wakitimiza 26 kundi A na 20 kundi B, ambayo ni 65 na 50 zilezile, thamani ya p, yaani uwezekano wa tofauti kama hiyo au zaidi kutokea kwa bahati, ni takriban 0.17. H0 haikataliwi, ingawa tofauti iliyoonekana ni ileile tuliyokuwa tunaitafuta.

Ndiyo maana nilifuta sentensi ya mwisho ya sura yake ya mbinu: "p ikizidi 0.05, H0 itakubaliwa." Sasa inasomeka: "p ikizidi 0.05, tutasema data hazikutosha kuikataa H0, na tutaonyesha tofauti ya asilimia pamoja na mipaka yake ya uhakika wa asilimia 95." Katika mfano wa 40 kila kundi, mipaka hiyo ingeanzia pungufu ya asilimia 6 hadi ongezeko la 36, na msomaji angeona mwenyewe kwamba bado hatujui.