Imeili ya Kiarabu kwa familia ya Amman sio barua ya wizarani

Imekuja tena wiki hii. Mwanafunzi anaenda Amman kusoma Kiarabu muhula mzima, atakaa nyumbani kwa watu, mratibu wa programu kampa anuani ya imeili ya familia na kamwambia ajitambulishe kabla hajafika. Ananiletea rasimu inaanza hivi: "Ilaa hadhrati s-sayyid rabbi l-usra al-muhtaram, tahiyyatan twayyibatan wa ba'ad, yusharrifunii an atakaddama ilaa siyaadatikum..." na inafungwa na "wa tafadhaluu bi-kabuuli faaiki l-ihtiraam". Namuuliza umeitoa wapi hii, anasema kaikopi kwenye barua ya kuombea skolashipu, halafu anamalizia "Ustadhi, si ndo heshima yenyewe?"

Jamani. Mtu anayeandikiwa "siyaadatikum" ni waziri, mkurugenzi, mkuu wa chuo. Huyu unayemwandikia ni mama ambaye kesho kutwa atakufulia mashuka na kukugongea mlango uamke ule, na akisoma hiyo barua anachokiona ni mtu anayeomba kitu ofisini. Haoni dharau, ila haoni pa kukushika, na mbaya zaidi akifika mwisho hajui lolote alilotaka kujua. Yeye anataka kujua we ni nani, wa kike au wa kiume, unafika lini hasa, nini huwezi kula. Rasimu ya huyu kijana ilikuwa na aya tatu za sifa, na saa ya kufika haikuwemo kabisa.

Sisemi muandike lugha ya mtaani. Fus'ha, Kiarabu sanifu cha vitabuni, ni sawa, andika fus'ha, ndiyo uliyofundishwa na watu wa Jordan wamesoma kwa hiyo hiyo. Ninachotaka kitoke ni zile fomula za ofisi. "Assalaamu alaykum, al-'aailatu l-kariima fii Ammaan", halafu "ismii fulani, ana twaalibatun min Tanzaania, wa sa-askunu ma'akum min bidaayati ayluul", yaani jina, mi mwanafunzi wa Tanzania, nitakaa kwenu kuanzia mwanzo wa Septemba, basi umeshaingia ndani ya nyumba kwa sentensi mbili. Na imeili mara nyingi inafunguliwa kwenye simu na binti au kijana wa nyumba halafu anawasomea wengine kwa sauti, kwa hiyo andika kitu kinachosomeka kwa sauti bila mtu kukata pumzi.

Sasa nije kwenye "-kum", ile "ninyi" au "yenu" ya Kiarabu, maana hapa ndipo ninapochoka. Wanafunzi wetu wameshika kwamba wingi ni heshima, kwa hiyo wanaweka -kum kila mahali na wanaona wamemaliza. Ukiiandikia nyumba nzima, -kum ni sahihi kwa sababu ni watu wengi kweli: ma'akum, baytikum, ashkurukum. Ila mama akikujibu yeye mwenyewe, kwa jina lake, akakuuliza habari za wazazi wako, unamjibu yeye, na hapo unarudi kwenye umoja wa kike. Wingi wa heshima kwa mtu mmoja upo kwenye Kiarabu, ila unakaa kule kule kwenye hadhratukum na siyaadatukum. Ukiutumia kwa mama aliyekuita "binti yangu" unamrudisha nje ya mlango aliokufungulia.

Na umoja wa kike una mtego ambao Mswahili anaukanyaga vizuri sana, kwa sababu kwetu "wewe" ni wewe tu, hatuna wa kike na wa kiume. Kiarabu cha kawaida kinaandikwa bila irabu fupi, kwa hiyo "risaalatuka" na "risaalatuki", barua yako wewe mwanaume na barua yako wewe mwanamke, kwenye skrini ni kitu kimoja, kaf tupu mwishoni. Mwanafunzi anaandika hivyo, hakuna anayemsahihisha, anajiona yuko salama. Halafu inakuja kitenzi. "Hal turiidu an uhdhira shay'an?" ni kumuuliza mwanaume kama anataka uje na kitu. Mama anaulizwa "hal turiidiina", na hiyo yaa na nuun zinaonekana wazi kabisa, huwezi kuzificha. "Akhbirnii" kwa mwanaume, "akhbiriinii" kwa mwanamke, tena yaa imejaa pale. Kwa hiyo ukitaka kukagua rasimu yako usipoteze muda kwenye viambishi, pita vitenzi vyote vinavyomwelekea mama, kimoja kimoja, uangalie mkia wake. Zana za kusahihisha tahajia haziwezi kukusaidia hapa maana maneno yote mawili yameandikwa sawa, zana haijui unaongea na nani.

Hilo hilo linakuhusu na wewe mwenyewe, na hapa sio suala la sarufi nzuri tu. Majina yetu hayawaambii kitu watu wa Amman. Furaha ni wa kike au wa kiume? Tumaini je? Baraka kwetu ni mwanaume, ila ukiliandika kwa Kiarabu linaishia na taa marbuutwa na msomaji ataliona lina sura ya kike. Kwa hiyo wanaangalia sarufi yako, "twaalib" au "twaaliba", "musaafir" au "musaafira", "sa'iid" au "sa'iida". Programu inakuwa imeshawaambia, kweli, ila familia yenye vijana wa kiume wakubwa inapanga vyumba, nani alale wapi, nani ahamie kwa bibi, na ikisoma imeili ya binti aliyekopi rasimu ya kaka yake na kuacha "ana twaalib, wa ana sa'iidun jiddan" itaanza kupiga simu kwa mratibu. Nimeona binti mmoja imemtokea, na ilichukua siku kadhaa kunyooshwa. Herufi moja tu.

Halafu saa. Hii nawaomba muisome polepole. Ndege nyingi za kutoka kwetu zinaunganisha mahali na kutua Amman usiku mkubwa. Tuseme unatua saa tisa na dakika kumi usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 4 Septemba. Mwanafunzi wetu anafikiria kwa Kiswahili, anatafsiri saa tisa kuwa "as-saa'a at-taasi'a", usiku kuwa "laylan", Alhamisi kuwa "yawma l-khamiis". Umeona alichoandika? Kwa Mwarabu at-taasi'a laylan ni saa tatu usiku yetu, kwa hiyo baba wa nyumba atafika uwanjani Alhamisi usiku wakati wewe umetua tangu usiku uliotangulia, masaa 18 yamepita umekaa na begi lako. Na uwanja wa Malkia Alia hauko mjini, uko kama kilomita 30 kusini, sio mtu anapita tu kuchungulia.

Andika hivi: "sa-aswilu fajra yawmi l-khamiis, 4 ayluul, as-saa'a 3:10 swabaahan". Neno "fajran" kwa Waarabu linabeba hata saa tisa usiku, usisubiri mpaka iwe alfajiri yetu ya adhana. Msiandike "laylata l-khamiis", nawasihi, maana kwa matumizi ya zamani huo ni usiku unaoitangulia Alhamisi na leo wengine wanamaanisha usiku unaofuata mchana wa Alhamisi, na mimi mwenyewe mtu akiniandikia hivyo bila tarehe namuuliza tena. Mwezi pia, Jordan wanatumia majina ya Sham, Septemba ni ayluul, Oktoba ni tishriin al-awwal, na kwenye maongezi wanasema tu mwezi wa tisa, shahar tis'a, kama sisi. Ukiandika "sibtambar" watakuelewa, ila ayluul iko kwenye kalenda ya ukutani kwao. Kitu kizuri ni kwamba tangu Oktoba 2022 Jordan waliacha kubadilisha saa, wamebaki na saa moja mwaka mzima ambayo ndiyo hiyo hiyo ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hakuna hesabu ya kuongeza wala kupunguza kati ya kwao na kwetu.

Namba ya ndege na namba yako ya simu ziweke kila moja kwenye mstari wake peke yake. Ukizichanganya katikati ya sentensi ya Kiarabu, mwandiko unatoka kulia namba zinatoka kushoto, alama ya kujumlisha ya +255 inarukia upande wa pili.

Chakula kwa kifupi. Msiandike "aakulu kulla shay'", nakula kila kitu, kwa ajili ya adabu. Siku ya kwanza ya kukukaribisha kuna uwezekano mkubwa ni mansafu, nyama ya kondoo iliyopikwa kwenye jamiid, mtindi uliokaushwa kuwa mawe na kuyeyushwa tena, unamiminwa juu ya wali. Kama maziwa yanakusumbua tumbo sema mapema, "'indii hasaasiyya mina l-haliib", maana ukisema mezani mama ataumia kwamba kapika siku nzima na mgeni hali. Iseme kama habari ya mwili, usiseme "laa uhibbu", sipendi, hiyo inasikika kama unachagua.

Kuna mambo mawili sina uhakika nayo na vitabu vinajifanya viko wazi. La kwanza, umwite nani. Amman vijana wanamwita mwanamke yeyote wa rika la mama "khaalto" na mwanaume "'ammo", na kwa sauti ni tamu kabisa, ila kwenye imeili ya kwanza kabla hamjaonana nasita, kuna mama ataifurahia na kuna mama ataona umekimbia. Kama karatasi ya programu imetaja mtoto wao mkubwa wa kiume, tuseme ni Khalid, "Umm Khaalid" na "Abuu Khaalid" zinakaa vizuri, ni kama sisi tunavyosema Mama fulani na Baba fulani. Kama wana mabinti tu, wengine wanajiita kwa jina la binti na wengine hawapendi, kwa hiyo hapo baki na al-'aailatu l-kariima mpaka wakwambie wenyewe.

La pili ni salamu. Jordan kuna familia za Kikristo, na programu zinawapokea wanafunzi huko pia. Wakristo wengi wa kule wanaitikia assalaamu alaykum bila shida, ila kama mwanafunzi ni Mkristo wa Bukoba na familia ni ya Kikristo ya Madaba, kwa nini waandikiane salamu ambayo nyumbani kwao si ya kwanza mdomoni? Mimi nawapa "marhaban" au "tahiyyatan twayyiba" peke yake, bila ile "wa ba'ad" ya kiofisi. Mwalimu mwenzangu anabisha, anasema assalaamu alaykum ni ya Waarabu wote. Hatujakubaliana bado.

Wanaokwenda Maskati hesabu yao ni nyingine, kule unaweza ukapewa nyumba ambayo bibi anaongea Kiswahili kukushinda, hiyo nitaiandika siku yake. Wa Amman tumeni imeili mapema, na kama kimya kinaendelea msiandike ya pili yenye msisitizo zaidi, mwombeni mratibu awatumie familia maandishi yale yale kwa wasapu, maana anuani zile za imeili nyingine zilifunguliwa kwa ajili ya kujaza fomu tu na hakuna anayeziangalia.