Bamba la orifisi na venturi: kizigeu cha 0.6 kinasema nini hasa

Dhana: Kizigeu cha mtiririko cha orifisi, 0.6, kinaonyesha kwamba msuguano umekula asilimia 40 ya maji.

Ukweli: Bamba la orifisi ni bamba lenye tundu, linalofungwa ndani ya bomba ili kupima mtiririko kwa tofauti ya presha. Maji yote yanayofika kwenye bamba hulipita. Kizigeu, C, ni mtiririko halisi ukigawanywa kwa ule unaotolewa na hesabu isiyojali msuguano wala kusinyaa kwa mkondo. Maji yanayofika tunduni yakitokea pembeni hayawezi kugeuka ghafla. Huendelea kujibana kuelekea katikati hata baada ya kupita bamba. Kwa hiyo mkondo huwa mwembamba kuliko tundu lenyewe, ilhali sisi katika hesabu tumeweka eneo la tundu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya 0.6. Venturi, kipande cha bomba kinachopungua polepole hadi koo jembamba, huyabana maji taratibu, mkondo ukajaza koo lote. Kinachobaki kusahihishwa ni msuguano mdogo, ndiyo maana C yake hukaribia 0.98.

```
Q = C × A × √(2Δp/ρ) / √(1 − β⁴)
```

Q ni mtiririko, A ni eneo la tundu, Δp ni tofauti ya presha, ρ ni msongamano wa maji, na β ni kipenyo cha tundu kikigawanywa kwa kipenyo cha bomba. Chukua bomba la milimita 100 lenye tundu la milimita 50, maji baridi, na tofauti ya presha ya kilopaskali 20. Bila C, hesabu inatoa lita 12.8 kwa sekunde. Kwa C ya 0.607 ni lita 7.8. Aliyeingiza 0.98 ya venturi kwenye kifaa cha orifisi atasoma karibu lita 12.6, yaani zaidi ya kweli kwa asilimia 60 hivi, na hakuna king'ora kitakachomwambia.

Dhana: Tofauti ya presha ikipungua nusu, mtiririko nao umepungua nusu.

Ukweli: Umebaki asilimia 71, kwa sababu mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha.

Dhana: Bamba likishapimwa, C yake haibadiliki.

Ukweli: Mtiririko ukiwa mdogo sana C hubadilika, lakini adui wa kila siku ni ukingo wa tundu. Ukingo ukilika na kuwa butu, maji hupinda kwa urahisi zaidi, mkondo unasinyaa kidogo tu na C halisi inapanda. Mtiririko uleule sasa unazaa tofauti ndogo ya presha, nayo mita inasoma chini. Wengi hapo huanza kuishuku pampu. Dalili hiyohiyo hutokea bamba likifungwa kinyumenyume, upande uliochongwa mshazari ukatazama maji yanakotoka. Ukingo mkali ndio unaopaswa kuyapokea.

Kiwango cha ISO 5167 kinataka nusukipenyo cha mviringo wa ukingo kisizidi 0.0004 ya kipenyo cha tundu. Kwa tundu letu ni milimita 0.02. Lifungue bamba, lisafishe, kisha mulika ukingo kwa tochi. Ukiona mstari unaong'aa, ukingo umekwisha, badilisha bamba.