Slaidi za wawekezaji: kufuta maneno si kuhariri

Dhana: Slaidi yenye maneno machache ina ujumbe mmoja.

Dhana hii huharibu slaidi nyingi kwa sababu inafanana sana na ukweli. Tuchukue mfano wa kubuni: kampuni changa ya Mwanza inayowakodishia wachuuzi wa samaki nafasi kwenye majokofu ya sola mialoni. Kati ya slaidi zao za kuwaomba wawekezaji mtaji, ya sita ina kichwa "Hali ya Biashara", na chini yake vidokezo sita. Wachuuzi 340 wamesajiliwa. Mapato ya Juni ni shilingi milioni 18. Wachuuzi 9 kati ya 10 hulipia tena mwezi unaofuata. Wako kwenye mialo 2. Wafanyakazi wameongezeka kutoka 4 hadi 9. Wamepata tuzo ya ubunifu.

Mwanzilishi akiambiwa apunguze, anapunguza kweli: "Wachuuzi 340. Mapato mil. 18. 9/10. Mialo 2. Timu 9. Tuzo." Maneno yamekwisha, lakini ujumbe bado ni sita, na hiyo 9/10 sasa haijulikani ni ya nini.

Ukweli: kazi huanzia kwenye kichwa. "Hali ya Biashara" ni kama kapu, lolote linaingia. Kiandike upya kiwe sentensi kamili inayodai jambo: "Wachuuzi 9 kati ya 10 hulipia tena mwezi unaofuata." Kisha ondoa kila kisichothibitisha dai hilo. Mapato yapewe slaidi yake, mialo iende kwenye slaidi ya upanuzi, wafanyakazi kwenye slaidi ya timu. Tuzo, kwa maoni yangu, itupwe. Inabaki chati ya nguzo mbili: wachuuzi 180 waliolipia Mei, na 162 kati yao waliolipia tena Juni. Ukiona kichwa kinahitaji "na" ya kuunganisha mambo mawili, hizo ni slaidi mbili.

Na wale 340? Idadi ya waliosajiliwa tangu mwanzo haishuki hata biashara ikidorora, na mwekezaji mzoefu analijua hilo. Atauliza: mwezi huu wamelipa wangapi? Jibu ni 200, yaani wale 162 pamoja na wapya 38. Kila mmoja akilipa shilingi 3,000 kwa siku, kwa siku 30 unapata milioni 18 zilezile. Hesabu hiyo fupi ndiyo slaidi ya mapato, na haihitaji 340 popote.

Dhana: Slaidi zisizidi kumi.

Chanzo chake ni kanuni ya mwekezaji wa Marekani, Guy Kawasaki: slaidi 10, dakika 20, herufi zisizopungua ukubwa wa 30. Watu wameishika ile 10 na kuisahau 30, ilhali 30 ndiyo inayozuia msongamano. Slaidi kumi zenye herufi za ukubwa wa 12 ni ishirini na tano zilizobanwa. Ukigawa slaidi iliyojaa ukafika 12 au 13, hujapoteza muda wa mtu, kwa kuwa slaidi yenye dai moja hupita haraka.

Dhana: Maneno yakipungua, tutaonekana hatujajiandaa.

Maneno hayo hayapotei, yanahama. Utakachokisema kwa mdomo kinakaa kwenye maelezo ya mzungumzaji. Majedwali ya gharama yanawekwa baada ya slaidi ya mwisho kama viambatisho, yakisubiri swali. Hata hivyo, faili unalotuma kwa barua pepe halina wa kulisemea. Mwaka 2015 DocSend, huduma ya kutuma na kufuatilia nyaraka, ilipima muda ambao wawekezaji hutumia kwenye faili la namna hiyo, ikapata wastani wa dakika 3 na sekunde 44. Kwa hiyo tengeneza matoleo mawili: la kutuma liwe na sentensi moja au mbili chini ya kila chati, la ukumbini libaki na kichwa na chati.

Katika matoleo yote mawili kuna maneno yasiyoguswa: kipimo, muda na msingi wa hesabu. Ukifuta "waliolipia Mei" ili chati ipendeze, ile 9 kati ya 10 inakuwa madai matupu.

Dhana: Msomaji mzuri wa kukagua slaidi ni mwanzilishi mwenyewe.

Yeye anajua kinachokosekana, hivyo anakijaza kichwani bila kutambua. Nakili vichwa peke yake kwenye ukurasa mmoja, umpe mtu wa nje asome. Akikuta "Tatizo, Suluhisho, Hali ya Biashara, Mtaji", hajaambiwa kitu. Toleo lililohaririwa husomeka hivi:

Samaki huharibika kabla mchuuzi hajapata mnunuzi. Jokofu la sola mwaloni huwahifadhi kwa shilingi 3,000 kwa siku. Wachuuzi 9 kati ya 10 hulipia tena mwezi unaofuata. Tunatafuta mtaji wa kutoka mialo 2 hadi 10.