Gunia kwenye picha: mtama, ulezi, uwele au adesi?

Binamu yangu alinitumia picha ya gunia lililofunguliwa mdomo, punje za hudhurungi iliyokoza, na maneno mawili: "Ulezi huu?" Alikuwa anataka kununua wa uji wa mtoto.

Dhana: Rangi ya hudhurungi ni ulezi.
Mtama mwekundu nao una rangi hiyohiyo, na turubai la bluu lililotandazwa juu ya gunia hubadilisha rangi ya kila kitu kilicho chini yake. Kwa hiyo mimi huanza na ukubwa. Tatizo ni kwamba picha ya karibu hukuza punje yoyote, na gunia zima likijaa kioo cha simu huna cha kupimia. Nilimwomba apige tena: punje za kujaa kiganja juu ya karatasi nyeupe, kivulini, na njiti ya kiberiti pembeni. Njiti ina unene wa takriban milimita 2. Punje ya ulezi haizidi unene huo, mara nyingi ni ndogo zaidi. Punje za binamu zilikuwa karibu mara mbili ya njiti. Nikakuza picha nikaona kwenye ncha ya punje nyingi doa jeusi, pale punje iliposhikana na suke, na chache bado zimevaa kumvi linalong'aa. Ule ulikuwa mtama.

Dhana: Ulezi na uwele ni kitu kimoja.
Uwele una umbo la tone la maji: upande mmoja mviringo, mwingine umechongoka. Rangi yake ya kawaida ni kijivu chenye umanjano au ukijani. Ulezi, ambao wengine huuita wimbi, ni kiduara kidogo kisicho na ncha. Kama picha imetulia, umbo hilo linatosha kumaliza ubishi.

Dhana: Adesi nyekundu ni nyekundu tangu shambani.
Ganda lake kwa kawaida ni la kahawia. Rangi ya chungwa ni ya ndani, baada ya kukobolewa. Ndiyo maana adesi nzima kwenye gunia humchanganya mtu na mtama. Tazama zile zilizolala ubavu: adesi ni bapa, ina ukingo unaoizunguka kama visahani viwili vilivyofunikiana. Mtama umejaa pande zote. Usitegemee jina pia, maana Tanzania dengu ni zile kubwa zenye kidomo, Kenya wengi husema ndengu wakimaanisha choroko za kijani, na wapo wanaoita adesi dengu.

Kitu kimoja picha haikuonyeshi: kilicho katikati ya gunia. Nilimwambia binamu, kwa gunia linalofuata, aombe bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka guniani, lichomwe ubavuni na chini, kisha apige picha ya kilichotoka.